Milioni Kumi Ndani ya Hatifungani: Bei, Muda na Daraja

Mwezi Aprili 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuuza hatifungani za serikali za miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata hatifungani mpya za miaka 25 zilitolewa kwa riba ya asilimia 12.56. Mkopaji alikuwa yuleyule, muda uleule, na shilingi ni ileile. Aliyeweka milioni 10 katika ile ya kwanza hulipwa shilingi 1,595,000 kila mwaka, na aliyeweka katika ile ya pili hulipwa 1,256,000. Mtu aliyezoea amana ya muda maalumu benki ataitazama tofauti hiyo na kusema kuwa wa kwanza aliwahi na wa pili alichelewa, basi, yamekwisha.

Hayajaisha. Riba mpya iliposhuka, hatifungani ya kwanza ilipanda thamani bila mwenyewe kufanya lolote na bila mkataba kubadilishwa hata nukta. Na siku riba ikipanda tena, ile ya pili hupoteza thamani vivyo hivyo, ingawa serikali inaendelea kulipa kila senti kwa tarehe yake. Amana ya benki haikuwahi kukufundisha jambo hili kwa sababu amana haina bei. Unaweka milioni 10 kwa miezi 12, mnakubaliana riba, na kila ukiomba taarifa ya akaunti unaikuta milioni 10 yako imetulia. Ukiihitaji kabla ya wakati, benki inakukata sehemu ya riba au riba yote, lakini mara nyingi mtaji wako unarudi kamili.

Hatifungani ni mkopo unaoupa serikali au kampuni. Kwa hatifungani za serikali ya Tanzania kima cha chini ni shilingi milioni 1, na unaweza kuongeza kwa mafungu ya laki moja. Unaingia kwenye mnada wa Benki Kuu kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, unafunguliwa akaunti ya kutunzia dhamana, kisha kila miezi sita unalipwa nusu ya riba ya mwaka, ambayo huitwa kuponi. Mtaji unarudi siku hatifungani inapoiva. Kabla ya siku hiyo serikali haina wajibu wa kukurudishia chochote zaidi ya kuponi. Ukitaka fedha yako mapema, inabidi umpate mtu mwingine wa kuinunua hatifungani yako katika soko la upili, pale Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mtu huyo atakuuliza swali moja tu: kwa nini ninunue yako, na si mpya inayotoka mnadani wiki hii?

Tuanze na mfano mwepesi, kuponi ikilipwa mara moja kwa mwaka ili hesabu isitusumbue. Una hatifungani ya milioni 10 yenye kuponi ya asilimia 12, na imebakiza mwaka mmoja kuiva. Mwaka kesho mwenye nayo atapokea milioni 11.2, yaani mtaji na kuponi ya mwisho. Lakini riba sokoni imepanda, na sasa mtu anaweza kupata asilimia 15 kwingine. Atakubali kukulipa kiasi ambacho kikiongezwa asilimia 15 kinafika milioni 11.2. Gawanya 11.2 kwa 1.15, unapata kama shilingi 9,739,000. Umepoteza 261,000. Mnunuzi hajakudhulumu. Bei ndiyo mlango pekee uliobaki wa kuingiza riba mpya, kwa kuwa kuponi imekwisha kuandikwa na haiguswi.

Sasa chukua hatifungani hiyohiyo, lakini imebakiza miaka 10. Mnunuzi ataikosa ile tofauti ya asilimia 3 kwa miaka 10 mfululizo, kwa hiyo atataka punguzo kubwa zaidi. Hesabu inatoa bei ya takriban shilingi 8,494,000. Ikiwa imebakiza miaka 20, bei ni takriban 8,122,000. Angalia kwa makini namba hizi. Kutoka mwaka 1 hadi miaka 10 hasara imekua karibu mara sita, lakini kutoka miaka 10 hadi 20 imeongezeka kwa kama laki tatu na sabini tu. Miaka iliyoandikwa kwenye hatifungani, basi, haikuambii moja kwa moja bei itayumba kiasi gani. Nitalirudia jambo hilo hivi punde, kwa sababu wanunuzi wengi huishia kwenye miaka hiyo na hukosea pande zote mbili.

Kwanza tumalize habari ya mavuno. Kuponi ni asilimia ya thamani iliyoandikwa kwenye hatifungani. Mavuno ni kile unachopata kwa fedha uliyoitoa mfukoni, ukihesabu kuponi zote pamoja na mtaji utakaorudi mwishoni. Ukinunua kwa bei kamili, ambayo sokoni hutajwa kuwa 100, kuponi na mavuno ni namba moja. Ukinunua kwa bei nyingine yoyote, namba hizo zinaachana, na hapo ndipo mtu wa amana anapoteleza.

Tuseme Bi Zuhura, jina la mfano, amestaafu na anataka kipato cha kila nusu mwaka. Anaambiwa kuna mtu anauza hatifungani ya asilimia 15.95 iliyobakiza miaka 24, wakati mnadani zinatoka za asilimia 12.56. Akili ya amana inamwambia awahi. Anapofika kwa dalali anakuta bei ni 125.54. Kwa hatifungani ya milioni 10 anatakiwa alipe shilingi 12,554,000. Kuponi ya 1,595,000 kwa mwaka, ikigawanywa kwa fedha aliyotoa, ni asilimia 12.7. Isitoshe, mwaka wa 24 serikali itamrudishia milioni 10 kamili, na si milioni 12.5 aliyotoa. Shilingi 2,554,000 zitayeyuka polepole njiani. Ukijumlisha yote, mavuno yake ni asilimia 12.56, sawasawa na ya yule aliyenunua mpya mnadani. Soko limekwisha kusawazisha.

Hajaibiwa. Kwa mtu anayetaka kipato kikubwa sasa na hajali mtaji wa uzeeni, ununuzi huo unaweza kumfaa. Kosa lingekuwa kuamini kwamba anavuna asilimia 15.95, azitumie kuponi zote, halafu ashangae mtaji ulikokwenda. Swali la kumwuliza dalali ni mavuno hadi kuiva, kwa bei ya leo. Uliza pia kama bei hiyo inajumuisha riba iliyokwisha kukusanyika tangu kuponi ya mwisho, kwa sababu mnunuzi humlipa muuzaji sehemu hiyo juu ya bei, na mgeni akiona jumla hudhani amepandishiwa.

Turudi kwenye muda. Kinachoamua bei itayumba kiasi gani ni wastani wa kusubiri, yaani kwa wastani kila shilingi ya thamani ya hatifungani inachukua muda gani kukurudia. Nitauita muda wastani. Chukua hatifungani ya miaka 3 ya milioni 10, kuponi ya asilimia 12 na mavuno ya asilimia 12. Malipo yake ni milioni 1.2, milioni 1.2, kisha milioni 11.2. Fedha ya mwakani si sawa na ya leo, kwa hiyo kila malipo tunayapunguza kwa asilimia 12 kwa kila mwaka wa kusubiri. Ya kwanza yanakuwa na thamani ya leo ya shilingi 1,071,000, ya pili 957,000, na ya tatu 7,972,000. Jumla ni milioni 10, ambayo ndiyo bei. Sasa asilimia 10.7 ya thamani hiyo inasubiri mwaka mmoja, asilimia 9.6 inasubiri miwili, na asilimia 79.7 inasubiri mitatu. Zidisha kila fungu kwa miaka yake, jumlisha, na jibu ni miaka 2.69.

Mchukuzi wa maji anayebeba ndoo kwenye mzega huusogeza begani mpaka apate mahali ambapo pande mbili zinalingana, na ndoo nzito ikiwa mbele, bega nalo husogea mbele. Muda wastani ni mahali hapo pa bega. Kwenye hatifungani ya miaka 3 ndoo nzito ni mtaji wa mwisho, na ndiyo maana bega limesogea karibu kabisa na mwaka wa tatu.

Kwenye hatifungani ya miaka 25 mambo hugeuka. Kwa mavuno ya asilimia 12.56, ile milioni 10 utakayorudishiwa baada ya robo karne ina thamani ya leo ya kama shilingi 476,000 tu. Thamani nyingine yote, zaidi ya milioni 9.5, imo kwenye kuponi 50 za njiani, na zile za miaka ya mwanzo ndizo nzito. Muda wastani wake ni kama miaka 8. Hatifungani ya asilimia 15.95, kwa kuwa inakulipa haraka zaidi, ina muda wastani wa kama miaka 6.6. Hii ndiyo sababu hasara haikuongezeka sana tulipotoka miaka 10 kwenda 20: miaka ya mbali ni mingi kwa kuhesabu, lakini kwa thamani ya leo ni myepesi. Katika nchi ambayo serikali hukopa kwa asilimia 2 au 3, mtaji wa mwisho hubaki mzito na hatifungani ya miaka 25 huyumba mno. Kwetu riba kubwa huvuta bega karibu.

Namba hiyo ina kazi ya moja kwa moja. Ukiigawa miaka 8.06 kwa 1.0628, yaani moja pamoja na riba ya nusu mwaka, unapata kama 7.6. Maana yake, mavuno ya soko yakipanda kwa pointi moja ya asilimia, bei inashuka kwa karibu asilimia 7.6, na yakishuka kwa pointi moja, inapanda kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ukiifanya hesabu yote kwa ukamilifu, mavuno yakitoka 12.56 kwenda 13.56 bei inakuwa 92.9, yaani hasara ya asilimia 7.1. Kanuni ya mkato inakaribia vizuri. Kwa mabadiliko makubwa inatia chumvi: mavuno yakirudi mpaka 15.95, kanuni inatabiri hasara ya karibu asilimia 26, wakati bei halisi inakuwa 79.2, hasara ya asilimia 21 hivi. Chanzo ni kwamba kila bei inaposhuka, kupanda kunakofuata kwa mavuno kunauma kidogo kuliko kule kwa kwanza. Kwa mtu wa kawaida kanuni ya mkato inatosha, mradi ajue kuwa upande wa hasara humtisha kupita kiasi kuliko kumdanganya.

Bi Zuhura na mpwa wake, tumwite Hamisi, wote wamenunua hatifungani mpya ya asilimia 12.56 kwa bei ya 100, milioni 10 kila mmoja. Muda mfupi baadaye mavuno ya soko yanapanda hadi 15.95 na kubaki hapo. Kwenye karatasi wote wawili wamepoteza zaidi ya milioni 2 kwa siku moja. Tuchukulie kuwa wote huzirudisha kuponi zao sokoni na kuzinunulia hatifungani nyingine, bila kula chochote.

Hamisi anahitaji fedha baada ya miaka 3, mtoto anakwenda chuo. Akiuza hatifungani na vyote alivyokusanya, anapata kama milioni 12.55. Kama riba isingepanda, angepata milioni 14.41. Amekosa karibu milioni 1.9, na hana namna ya kuzingoja.

Bi Zuhura haguswi mpaka mwaka wa 8. Bei ya hatifungani yake ilianguka kama ya Hamisi, lakini kila kuponi aliyoipokea ameiwekeza kwa asilimia 15.95 na si 12.56. Miaka mitano ya ziada imeliziba pengo. Mwaka wa 8 ana kama milioni 27.0, ilhali riba isingebadilika angekuwa na milioni 26.5. Hatifungani ni ileile na mshtuko ni uleule, lakini kwake hakuna hasara.

Mwaka wa 8 haukuokotwa tu, ndio muda wastani wa hatifungani hiyo. Kabla ya hapo anguko la bei ndilo linalotawala. Baada ya hapo faida ya kuwekeza kuponi kwa riba mpya ndiyo inayotawala. Na karibu na hapo viwili hivyo vinafutana. Riba ikishuka badala ya kupanda, kinyume chake hutokea: Hamisi angeuza kwa faida mwaka wa 3, na anayekaa miaka 20 ndiye angeumia, kwa kuwa kila kuponi ingepata mahali pabaya pa kwenda. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ipi ina kuponi kubwa, andika tarehe utakayoihitaji fedha, kisha tafuta hatifungani yenye muda wastani unaoikaribia. Mwenye mahitaji ya miaka 3 angefaa kununua ya miaka 3 hadi 5 hata kama riba yake ni ndogo, au abaki na amana yake. Naliamini hili kuliko ushauri mwingine wowote ninaousikia kuhusu hatifungani, na linasikitisha kuona watu wakiuziwa miaka 25 kwa fedha ya ada ya mwaka kesho kutwa.

Hesabu hiyo hiyo iliua benki. Benki ya Silikoni Vali ya Kalifonia ilipokea amana nyingi mno mwaka 2020 na 2021, riba za Marekani zikiwa karibu na sifuri, na ikazinunulia hatifungani za muda mrefu za serikali na dhamana za nyumba zilizokingwa na mashirika ya serikali. Hakuna aliyeogopa kuwa Marekani haitalipa. Kuanzia Machi 2022 benki kuu ya huko ilipandisha riba kwa kasi, na bei za hatifungani hizo zikashuka. Benki ingeweza kusubiri ziive, lakini wenye amana walitaka fedha zao, na amana nyingi zilikuwa za kuchukuliwa wakati wowote. Machi 8, 2023 benki ilitangaza kuwa imeuza dhamana za dola bilioni 21 kwa hasara ya dola bilioni 1.8. Kesho yake wateja waliomba kutoa dola bilioni 42. Machi 10 ikafungwa. Ilikuwa imefanya kama Hamisi, kwa kiwango cha taifa zima.

Siku chache kabla ya hapo benki hiyo ilikuwa na daraja la A3 kutoka kampuni ya Moody's, daraja zuri kabisa. Hapo tunafika kwenye suala la tatu, na ni muhimu kulitenga na mawili yaliyotangulia.

Daraja la kukopesheka ni maoni ya kampuni ya tathmini kuhusu uwezo na nia ya mkopaji kulipa kila kitu kwa wakati. Moody's, Standadi na Puaz, na Fichi ndizo tatu kubwa duniani. Kwa ngazi za Moody's juu kabisa ni Aaa, kisha kundi la Aa, A na Baa, na hapo chini ya Baa3 unachorwa mstari. Walio juu ya mstari huhesabiwa kuwa salama kwa wawekezaji waangalifu. Walio chini, kuanzia Ba1, hulipa riba zaidi ili wapate wa kuwakopesha. Tanzania ilipandishwa na Moody's kutoka B2 hadi B1 mwezi Machi 2024, ngazi nne chini ya mstari huo. Daraja halisemi chochote kuhusu bei utakayouzia miaka mitatu ijayo. Hatifungani ya daraja la juu kabisa yenye muda wastani wa miaka 15 inaweza kukukata zaidi kuliko ya daraja B yenye muda wastani wa miaka 2.

Kenya ilituonyesha kwa macho mwaka 2024. Mwezi Februari serikali iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka 8 na nusu kwa riba ya asilimia 18.4607. Ilitafuta shilingi bilioni 70, ikaletewa maombi ya zaidi ya bilioni 288, na ikachukua kama bilioni 241. Julai mwaka huohuo, baada ya muswada wa fedha kuondolewa kufuatia maandamano, Moody's iliishusha Kenya hadi Caa1, daraja la wakopaji wanaotiliwa shaka kubwa. Aliyetazama daraja peke yake angetegemea hatifungani hiyo iporomoke. Lakini mfumuko wa bei ulikuwa umepungua, na kuanzia Agosti Benki Kuu ya Kenya ilianza kuteremsha riba yake elekezi kutoka asilimia 13, ikafika 9.5 Agosti 2025. Riba za hatifungani mpya zikashuka, na asilimia 18.46 ikawa lulu iliyouzwa juu ya 100. Katika kipindi hicho nguvu ya riba ilishinda nguvu ya daraja.

Sasa tazama Ghana, ambako ilikuwa kinyume, kwa sababu kuna imani iliyoenea kuwa serikali haiwezi kushindwa kulipa deni la sarafu yake yenyewe. Februari 2022 Moody's iliishusha Ghana hadi Caa1. Mwezi Novemba ikaishusha tena hadi Ca. Desemba 5, 2022 waziri wa fedha Ken Ofori-Atta alitangaza mpango wa kubadilisha hatifungani za ndani, zilizo katika sidi, kwa nyingine mpya za muda mrefu zaidi. Pendekezo la kwanza lilikuwa kuponi ya sifuri mwaka 2023, asilimia 5 mwaka 2024, na asilimia 10 baada ya hapo. Mtaji haukukatwa hata sidi moja. Rudi kwenye hesabu yetu uone maana yake: kuponi zikipunguzwa na tarehe kusogezwa mbele, katika nchi ambayo mavuno ya soko yamezidi asilimia 20, thamani ya leo ya hatifungani huanguka vibaya hata kama milioni 10 yako bado imeandikwa milioni 10. Mapema 2023 wastaafu walikaa nje ya wizara ya fedha mjini Akra kupinga, na aliyekuwa Jaji Mkuu, Sofia Akufo, akakaa pamoja nao. Hati fupi za hazina, zile zinazoiva ndani ya mwaka mmoja, ziliachwa nje ya mpango. Muda mfupi ulikuwa kinga ambayo riba kubwa haikuwa.

Kati ya onyo la Februari na tangazo la Desemba ilipita miezi kumi. Daraja lenyewe mara nyingi huchelewa, kama ilivyokuwa kwa ile benki ya Kalifonia, lakini kushushwa ngazi kadhaa mfululizo ni habari ya kuifuatilia, hasa kama fedha yako ya uzeeni yote imo kwa mkopaji mmoja.

Kwa hatifungani za kampuni swali la daraja huwa zito zaidi. Tuseme amana ya benki inakupa asilimia 8 na kampuni isiyo na daraja inakupa 14 kwa mwaka mmoja. Ziada ya asilimia 6 juu ya milioni 10 ni laki sita. Ukipoteza, unaweza kupoteza zote kumi. Ukizigawa hesabu, ziada hiyo inakulipa sawasawa ikiwa kampuni moja kati ya 19 za aina hiyo inaanguka bila kurudisha kitu. Zikianguka mbili kati ya 19, amana ya asilimia 8 ilikuwa bora. Kampuni za tathmini hutunza kumbukumbu za miaka mingi za wakopaji walioshindwa kulipa katika kila daraja, na hapo ndipo daraja linapogeuka kuwa kitu unachoweza kukipima na ile asilimia 6.

Amana yako ina ngao nyingine ambayo hatifungani haina. Tanzania, Bodi ya Bima ya Amana hulipa hadi shilingi 7,500,000 kwa mteja benki ikifilisika, na Kenya kinga hiyo ni shilingi 500,000. Hatifungani iliyotolewa na benki ileile haimo ndani ya kinga hiyo. Mwaka 2015 Benki ya Impiria ya Nairobi ilikusanya shilingi bilioni 2 kwa hatifungani. Oktoba 13 mwaka huohuo, kabla hatifungani hizo hazijaanza kuuzwa sokoni, Benki Kuu ya Kenya iliifunga benki hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, tafuta katika waraka wa matarajio ukurasa unaoeleza nafasi ya mwenye hatifungani katika foleni ya wadai. Ukikuta imeandikwa kuwa deni hilo ni la daraja la chini, maana yake wenye amana na wadai wa kawaida watalipwa kwanza, na wewe utalipwa kwa kitakachobaki.